Sukari Nyeupe, ya Kahawia na Ghafi: Ipi Inastahili Bei Yake?

Katika duka la Mangi mtaani, sukari inayopimwa kwa kilo, nusu na robo huwa na rangi ya kahawia hafifu, na ndiyo ya bei ya kawaida kwa kila mteja. Ukitoka hapo ukaingia supamaketi kubwa ya mjini, utakuta rafu nyingine kabisa. Kuna pakiti ndogo za kung'aa, nyingi zimetoka Morisi au Ulaya, zenye sukari ya kahawia vilevile, lakini bei yake huweza kufika mara tatu au nne ya ile ya Mangi. Maandishi ya juu yake huahidi usafi wa asili, madini na afya. Kwa wanunuzi wengi swali huwa moja: kuna nini ndani ya pakiti ile ambacho hakimo kwenye mfuko wa Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC?

Jibu linaanzia kiwandani. Sukari zote hizi hutoka katika mmea uleule, na zinachotofautiana ni hatua ambayo mtengenezaji aliamua kusimamia.

Miwa ikishafika kiwandani hukatwakatwa na kukamuliwa kwenye magogo ya chuma yanayozunguka. Juisi inayotoka ina rangi ya kijani iliyochanganyika na udongo, nta na nyuzinyuzi. Hupashwa moto na kutiwa chokaa ili uchafu ujikusanye na kutuama, kisha juisi safi huchemshwa mpaka iwe rojo nzito. Rojo hilo huingizwa kwenye vyungu vikubwa vilivyofungwa na kuondolewa hewa, ili lichemke kwa joto dogo bila kuungua, na humo ndimo punje za sukari huanza kujijenga. Kinachotoka ni uji mweusi wenye mchanganyiko wa vitu viwili: punje za sukari, na maji mazito meusi yaitwayo molasi.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua rangi. Uji ule humwagwa kwenye ngoma yenye matundu madogo inayozunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Molasi hurushwa nje kupitia matundu, punje hubaki ndani. Fundi akinyunyizia maji na mvuke kidogo, punje hubaki na utando mwembamba wa molasi na sukari hutoka ya kahawia. Akiosha zaidi, rangi hupauka. Kwa makadirio ya jumla, tani 100 za miwa hutoa kama tani 10 za sukari na tani tatu au nne za molasi, ambayo huenda kwenye chakula cha mifugo na viwanda vya kutengeneza spiriti.

Sukari ya kahawia ya dukani kwetu husimama hapo: imesafishwa kwa chokaa, imezungushwa, imekaushwa na kupakiwa. Viwanda vingine, hasa nchini Kenya, hupitisha pia moshi wa salfa kwenye juisi ili kuififisha rangi, na matokeo yake ni sukari nyeupe ya kiwanda cha miwa, ambayo ukiitazama kwa makini ina umanjano kidogo.

Nyeupe kabisa, ile inayometameta kama chumvi, hupita safari ya pili. Punje huyeyushwa tena kwa maji, rojo lake huchujwa kwenye mkaa maalumu au vichujio vya kemikali vinavyonasa rangi, kisha hupikwa upya mpaka zijengeke punje mpya. Hii ndiyo sukari iliyosafishwa, na zaidi ya asilimia 99.7 yake ni sukrosi tupu. Viwanda vya soda, biskuti na dawa huihitaji kwa sababu molasi kidogo tu ingeharibu rangi au ladha ya bidhaa zao. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikiiagiza kutoka nje chini ya jina la sukari ya viwandani, kwa ushuru uliopunguzwa. Ndiyo maana ikionekana kwenye mifuko ya rejareja isiyo na jina, wakaguzi huanza kuuliza maswali.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapotofautiana na Ulaya. Kule, nyeupe ndiyo ya kila siku na ya kahawia ndiyo ya anasa. Huku kwetu ya kahawia ndiyo ya kila siku, na kwenye maduka mengi ya Kenya nyeupe ndiyo inayouzwa ghali kidogo kuliko ya kahawia. Rangi peke yake, basi, haiwezi kumwambia mnunuzi ipi ni bora. Inamwambia tu molasi kiasi gani imebaki.

Neno linalowachanganya watu zaidi ni "ghafi". Katika biashara, sukari ghafi ni malighafi. Ni punje za kahawia zilizozungushwa mara moja tu na kusafirishwa kwa shehena, mara nyingi zikiwa zimemwagwa wazi ndani ya tumbo la meli kama mahindi au mbolea, zikisubiri kiwanda cha kusafisha. Haikutengenezwa kwa ajili ya kikombe cha chai. Inaweza kuwa na udongo, nyuzi na vijidudu, na nchini Marekani mamlaka ya chakula hairuhusu iuzwe kwa mlaji ikiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo pakiti ya supamaketi inayojitangaza kuwa ni sukari ghafi, yenye punje kubwa za rangi ya dhahabu, si ghafi kwa maana hiyo. Imeoshwa kwa maji na mvuke ndani ya ngoma ileile ya kuzungusha. Demerara na sukari za jamii yake zote ziko kundi hili, na kwa utengenezaji wake ni ndugu wa karibu sana wa sukari ya Kilombero. Kubwa linalozitofautisha ni ukubwa wa punje na kiasi cha molasi kilichoachwa.

Kundi la pili la sukari ya kahawia hutengenezwa kinyume. Kiwanda huchukua sukari nyeupe iliyokwisha kusafishwa, kisha huipaka molasi. Ya rangi hafifu hupewa kama asilimia tatu na nusu ya molasi, na ya rangi nzito kama asilimia sita na nusu. Hii ndiyo ile laini, yenye unyevu, inayoshikamana kama mchanga wa pwani uliolowa, na ndiyo inayotajwa kwenye vitabu vingi vya keki vya Kimarekani. Hakuna udanganyifu katika kutengeneza hivyo, mradi lebo iseme ukweli.

Kundi la tatu halipiti kwenye ngoma kabisa. Juisi ya miwa huchemshwa mpaka ikauke, na molasi yote hubaki ndani. Muskovado ya asili iko karibu na kundi hili, na sukari guru ndiyo mfano wake tunaoujua nyumbani. Magharibi mwa Kenya, Busoga nchini Uganda na katika mabonde ya miwa ya Tanzania, wakamuaji wadogo huchemsha juisi kwenye makarai ya wazi juu ya moto wa maganda ya miwa, wakienguaengua povu, kisha humimina rojo kwenye vibao au makopo mpaka ligande. Mtu anayetaka sukari ambayo haikuondolewa chochote hahitaji pakiti ya kutoka ng'ambo. Sukari guru iko sokoni.

Yapo majaribio yanayozunguka kwenye simu za watu, yakidai kumwonyesha mnunuzi sukari ya kahawia "halisi" na "feki". Linalopendwa zaidi ni la maji: chukua kijiko cha sukari, kitumbukize kwenye glasi ya maji baridi, na rangi ikitoka haraka, basi ni nyeupe iliyopakwa rangi. Ukilifanya jaribio hilo kwa sukari yoyote ya kahawia, utaona kweli maji yanageuka rangi ya chai nyepesi ndani ya sekunde chache, na punje zinazobaki chini zimepauka. Lakini hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Hata kwenye sukari iliyotoka moja kwa moja kiwandani, sehemu kubwa ya rangi imo kwenye utando wa molasi ulio juu ya punje, na ni kidogo tu iliyonaswa ndani. Viwanda vya kusafisha sukari huanza kazi yao kwa kuuosha utando huohuo. Jaribio la maji linaonyesha mahali rangi ilipo, halionyeshi ilikotoka.

Lebo hueleza zaidi ya glasi ya maji. Kwenye orodha ya viambato, neno moja tu, sukari au sukari ya miwa, lina maana kwamba rangi imebaki tangu kiwandani. Ikiandikwa sukari na molasi, hiyo ni nyeupe iliyopakwa. Ikiwa kuna rangi ya karameli, au alama E150, basi mnunuzi analipia rangi ambayo haina hata ladha kamili ya molasi. Mfuko ambao hauna jina la mtengenezaji, tarehe wala alama ya shirika la viwango hauna cha kusomwa, na hapo rangi nzuri isimshawishi mtu.

Pua nayo husaidia. Sukari yenye molasi ya kutosha hunukia kama pipi ya maziwa iliyoungua kidogo, na ukiifinya kati ya vidole huacha unyevu. Punje kavu, za rangi moja kabisa na zisizo na harufu hazina molasi nyingi, hata pakiti iseme nini. Kwa sukari guru kipimo ni kingine: yeyusha kipande kwenye maji ya moto, acha glasi itulie, kisha tazama chini. Mchanga, majivu na vipande vya maganda vitajionyesha. Kipande chenye umanjano mkali unaong'aa si lazima kiwe safi zaidi, kwani baadhi ya watengenezaji hutumia kemikali za kupausha ili kipendeze macho.

Baada ya rangi yanakuja madai ya afya, ambayo ndiyo yanayouza pakiti za bei kubwa. Madai hayo yana punje ya ukweli. Molasi ina madini, na sukari iliyobaki na molasi ina madini zaidi ya nyeupe. Gramu 100 za sukari ya kahawia laini zina takribani miligramu 83 za kalsiamu na miligramu 0.7 za chuma. Nyeupe ina miligramu moja hivi ya kalsiamu, na chuma karibu hakuna. Ukiandika tarakimu hizo kwenye pakiti, tofauti inaonekana kubwa mno.

Tatizo ni kwamba hakuna anayekula sukari kwa gramu 100. Kijiko cha chai kina gramu nne, na katika kijiko hicho kuna kalsiamu miligramu tatu. Glasi moja ya maziwa ina takribani miligramu 300. Mtu anayetaka kupata kalsiamu ya glasi hiyo kutoka kwenye sukari ya kahawia angelazimika kula gramu 360, yaani vijiko 90, na angekuwa amejaza mwilini karibu kalori 1,400 kabla ya kugusa chakula. Kwa upande wa chuma, sahani ya maharage hushinda kwa mbali. Sukari guru ina madini mengi zaidi ya sukari ya kahawia, ingawa kiasi chake hubadilika sana kutoka kwa mkamuaji mmoja hadi mwingine, na sehemu ya chuma chake huweza kutoka kwenye karai lenyewe.

Kwa nishati, pengo ni dogo kiasi cha kutohesabika. Gramu 100 za nyeupe zina kama kalori 387, za kahawia 380, na hizo saba zinazopungua zinatokana hasa na maji yaliyomo kwenye molasi. Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wapo wanaoambiwa na majirani wahamie sukari ya kahawia au sukari guru na kuendelea kunywa chai yao kama kawaida. Sukrosi ya punje ya kahawia ni ileile ya punje nyeupe, humeng'enywa kuwa glukosi na fruktosi, na hupandisha sukari ya damu vilevile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 au vijiko 12 hivi, na likasema ni vizuri zaidi zikishuka hadi nusu ya hapo. Mwongozo huo hautoi nafasi ya ziada kwa sukari ya rangi yoyote, na hata asali imo ndani ya hesabu.

Kama afya si sababu, inabaki ladha na kazi ya jikoni, na hapa sukari za bei kubwa zina hoja ya kweli. Molasi hunyonya na kushika unyevu. Keki ya ndizi au biskuti za tangawizi zilizopikwa kwa sukari ya kahawia nzito hubaki laini kwa siku kadhaa, wakati za sukari nyeupe hukauka mapema na kuwa ngumu zaidi. Molasi pia ina tindikali kidogo, kwa hiyo inapokutana na soda ya kupikia hutoa gesi na kusaidia unga kuumuka. Mpishi anayebadilisha kahawia kwa nyeupe katika mapishi ya namna hiyo hujikuta na keki iliyopauka na kuinuka kidogo, asijue kosa liko wapi.

Punje nazo zina neno. Demerara yenye punje kubwa haifai kupigwa pamoja na siagi, kwa sababu haiyeyuki upesi na huacha chengachenga ndani ya keki. Ikinyunyizwa juu ya mkate mtamu kabla ya kuingia jiko, huganda na kufanya gamba la kukwaruza linalopendeza. Kwa shira ya kaimati nyeupe ndiyo bora, maana hutoa rojo angavu lisilopigana na harufu ya iliki na zafarani. Halua ya Kiomani ya rangi nyeusi ni kinyume chake: hupikwa kwa sukari nyekundu, na bila hiyo haiwi na rangi wala uzito wa ladha yake. Kashata za karanga zilizopikwa kwa sukari guru zina utamu wenye moshi kidogo ambao hakuna nyeupe itakayoutoa.

Kwenye chai ya tangawizi au kahawa chungu, hali ni tofauti. Majani, viungo na maziwa hufunika ladha ya molasi, na kijiko kimoja au viwili havina molasi ya kutosha kujitokeza. Anayetilia shaka anaweza kumwomba mtu amtengenezee vikombe viwili bila kumwambia kipi ni kipi.

Hesabu ya mfukoni huonyesha wapi bei ina maana. Tuseme sukari ya kawaida inauzwa shilingi 3,000 kwa kilo na muskovado ya kutoka nje shilingi 12,000. Familia inayotumia kilo tano kwa mwezi, karibu zote kwenye chai na uji, ikihamia muskovado itatoka shilingi 15,000 na kufika 60,000. Hizo 45,000 za ziada zingeweza kununua maharage, dagaa na mchicha wa wiki kadhaa, yaani madini yaleyale yaliyoahidiwa kwenye pakiti, kwa wingi usiolinganishwa. Lakini kwa keki moja inayohitaji gramu 200, tofauti ni shilingi 1,800 tu, na mlaji ataionja. Sukari ileile, kwa bei ileile, ni hasara kwenye birika na ni haki kwenye oveni.

Hata kwa keki ipo njia ya kubana matumizi. Gramu 200 za sukari nyeupe zikichanganywa vizuri na kijiko kikubwa kimoja cha molasi safi hutoa sukari ya kahawia laini, na vijiko viwili hutoa ile nzito. Molasi hiyo iwe ya chakula cha binadamu. Ile inayouzwa kwenye madumu katika maduka ya pembejeo imetayarishwa kwa ajili ya ng'ombe, na haijahifadhiwa wala kupimwa kwa ajili ya watu. Asiyepata molasi ya chakula anaweza kukwaruza sukari guru safi na kuitumia badala ya nusu ya sukari inayotakiwa.

Aliyenunua pakiti ya bei kubwa ajue pia kuitunza. Nyeupe hugandamana kwa sababu imenyonya maji, kwa hiyo huhitaji ukavu. Kahawia laini huwa jiwe kwa sababu maji yake yametoka, kwa hiyo ifungwe kwenye kopo lisilopitisha hewa. Ikishakuwa jiwe isitupwe: kipande cha mkate kikiwekwa juu yake ndani ya kopo lililofungwa, asubuhi unyevu wa mkate utakuwa umehamia kwenye sukari nayo imelegea.

Uamuzi wa dukani, basi, hauna ugumu. Kwa chai, uji na matumizi ya kila siku, chukua sukari ya kawaida yenye jina la kiwanda na alama ya ubora, ya kahawia au nyeupe, yoyote iliyo nafuu siku hiyo. Nunua nyeupe kwa shira na vinywaji vya kung'aa, na sukari guru safi kwa kashata. Pakiti ndogo ya muskovado au demerara inunuliwe pale tu kuna keki au biskuti inayoihitaji, baada ya kusoma viambato vyake. Na kama kinachomvuta mnunuzi ni madini yaliyoandikwa kwenye pakiti, aipite rafu ya sukari aende kwenye meza ya maharage.